Alfa yangu ni 0.76, nimeandika "inakubalika". Direkteri ameandika pembeni: "Kwa kazi gani?"

mtoto_wa_Bagira
Wakubwa kwa wadogo, jioni njema. Ninamalizia memwari yangu ya uuguzi hapa Bukavu na nimekwama kwenye sentensi moja tu, wiki mbili kabla ya juri.

Nimepima namna wauguzi wanavyoona usaidizi wa msimamizi wao kazini. Nina maswali 8, kila moja lina majibu kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Nilitoa karatasi 142, zilizojibiwa kikamilifu ni 131. Mara ya kwanza kompyuta ilinipa alfa ya 0.60. Moyo ukaruka. Halafu nikakumbuka kwamba swali la 4 na la 7 yanaulizwa kinyume, anayekubali ndiye asiyesaidiwa. Nikazigeuza alama zake, alfa ikapanda hadi 0.76. Basi nikaandika hivi:

"Alfa ya Cronbach ni 0.76, ambayo ni zaidi ya 0.70. Kwa hiyo kipimo ni cha kuaminika na ni halali."

Direkteri amezungusha "cha kuaminika na ni halali" kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameweka maneno matatu: "Kwa kazi gani?" Hakueleza zaidi. Nimesoma memwari kumi za wakubwa wangu, zote zimeandika kama mimi. Nibadilishe nini?

Kadutu_Moja
Weye dada usiteseke bure. 0.70 njo sheria. Chini ya hapo mbaya, 0.80 nzuri, 0.90 bora kabisa. Kila mtu anaweka ile ngazi na juri inapita. Direkteri wako anataka tu kuonyesha kwamba amesoma.

Kama unataka kumziba mdomo, fungua SPSS, angalia safu ya `Cronbach's Alpha if Item Deleted`. Swali ambalo ukiliondoa alfa inapanda, ondoa. Rudia mpaka isipande tena. Mimi nilianza na maswali 15, nikabaki na 9, alfa 0.84. Na maana yake ni rahisi: 0.84 ni asilimia 84 ya watu walijibu kweli.

papa_Muhungu
Nimeona neno kipimo nikaingia. Sisi kwenye kupima watoto tulikuwa na balansi moja inayodanganya. Dawa yake: chukua jiwe ambalo unajua uzito wake, lipime asubuhi, lipime mchana, lipime jioni. Likikupa kilo tano mara zote tatu, balansi ni ya kuaminika. Likikupa tano, halafu nne na nusu, tupa. Huyo binti apime wauguzi walewale mara mbili, mambo yaishe.

mzee_wa_Nguba
Papa Muhungu, hukukosea, ila umejibu swali la jirani. Kupima jiwe mara tatu ni kuuliza kama kipimo kinarudia jibu lilelile siku nyingine. Alfa haijui siku nyingine. Imehesabiwa kwa majibu ya siku moja tu, na inachouliza ni kama yale maswali 8 yanasogea pamoja: anayeweka alama ya juu kwenye la kwanza, je, anaelekea kuweka juu kwenye la tatu na la sita pia? Kipimo kinaweza kuwa na alfa nzuri leo na wauguzi walewale wakajibu tofauti kabisa mwezi ujao.

Kadutu, wewe nitakurudia.

Mtoto wa Bagira, kabla ya sentensi tuangalie namba, maana nadhani direkteri ameona kitu kwenye jedwali lako. Una uhusiano wa kila swali na mwenzake? Sitaki alfa, nataka ule mraba wa namba. Unieleze namba za la 4 na la 7 zikoje na yale mengine sita.

Goma_Birere
Mzee, nami nisaidie hapohapo. Niko Goma, nafanya ankete za kuridhika na huduma. Alfa yangu ni 0.94 kwa maswali 6 tu. Shefu amefurahi, ameweka kwenye ripoti kwa herufi nene. Lakini maswali yenyewe ni kama haya: "Umeridhika na huduma?", "Huduma imekupendeza?", "Unaionaje huduma kwa ujumla?" Mama mmoja alimwambia mwanketeri wangu: "Mwanangu, hilo si umeshaniuliza?"

mzee_wa_Nguba
Huyo mama amekupa tafsiri bora kuliko ripoti. Ukiuliza jambo moja mara sita kwa maneno tofauti, watu watajibu sawa mara sita, na alfa itapaa. Kwa maswali 6 kutoa 0.94, wastani wa uhusiano kati yao lazima uwe karibu 0.72. Hayo ni maswali pacha. Umelipa karatasi na muda wa maswali sita, umepata habari ya maswali mawili. Andika alfa hiyo, ni ya kweli, lakini usiiite "bora kabisa". Sema maswali yanakaribiana mno na kipimo kinagusa sehemu ndogo tu ya kuridhika. Foleni, bei, lugha ya wahudumu, hakuna.

mtoto_wa_Bagira
Umeme ulikuwa umekata, ndiyo nimerudi. Mzee, nimeutoa ule mraba. Yale sita ya kawaida yanahusiana vizuri, wastani wao ni 0.38. La 4 na la 7 yenyewe kwa yenyewe ni 0.45. Lakini la 4 na la 7 dhidi ya yale sita, baada ya kugeuza, wastani ni 0.15 tu. Nimeangalia mara tatu kwamba nimegeuza. Nilitumia hii kwenye R:

```
d$p4r <- 6 - d$p4
d$p7r <- 6 - d$p7
```

mzee_wa_Nguba
Umefanya vizuri kutoa jina jipya, p4r. Nimeshamwona mtu aliyeandika `d$p4 <- 6 - d$p4` akaendesha mstari huo mara mbili bila kujua. Mara ya pili inarudisha kila kitu kilivyokuwa, naye anaapa kwamba amegeuza.

Sasa tazama ulichonacho. Chukua fomula rahisi ya alfa, inayotumia idadi ya maswali k na wastani wa uhusiano r:

```
alfa = k*r / (1 + (k-1)*r)
```

Maswali 8 yana jozi 28. Jozi 15 ni za yale sita, 12 ni za kuvuka kati ya makundi mawili, 1 ni ya 4 na 7. Wastani wa jumla unatoka kama 0.28, na ukiuingiza hapo unapata 0.76 yako. Safi. Lakini ukichukua yale sita peke yake yenye 0.38, unapata 0.79. Yaani maswali mawili uliyoyaongeza yamekishusha kipimo badala ya kukipandisha, na bado 0.76 inapita mlango wa 0.70 bila mtu kuuliza. Ndani ya kipimo chako mna makundi mawili, sita hapa na mawili kule, na hayasemezani sana. Alfa haikukwambia hilo na haiwezi kukwambia, kwa sababu inachanganya jozi zote 28 kwenye chungu kimoja.

Jambo la pili, ambalo Kadutu atalipenda. Shika huo wastani wa 0.28, usiboreshe chochote, ila ongeza maswali ya namna hiyohiyo mpaka yafike 20. Alfa inakuwa 0.89. Maswali yaleyale dhaifu, ni mengi tu. Kwa hiyo anayeandika "0.89, nzuri sana" bila kutaja idadi ya maswali hajatuambia kitu.

Kadutu_Moja
Mzee, nimekusikia lakini hujanijibu. Kama 0.70 si sheria, kwa nini iko kwenye kila kitabu? Haikuanguka toka mbinguni.

mzee_wa_Nguba
Haikuanguka. Cronbach aliandika makala yake mwaka 1951, na mlango huu wanaousema watu haukutokana naye. Unanasibishwa na Nunnally na kitabu chake cha upimaji wa kisaikolojia. Toleo la kwanza, 1967, alisema kwa utafiti wa mwanzomwanzo 0.60 au hata 0.50 inatosha. Toleo la pili, 1978, akapandisha hiyo ya mwanzomwanzo kuwa 0.70. Lakini ukurasa haukuishia hapo. Aliendelea kusema kwamba kwa utafiti wa msingi, wa kulinganisha makundi, lenga 0.80. Na pale ambapo alama ya mtu mmoja itaamua hatima yake, 0.90 ni ya chini kabisa na 0.95 ndiyo ya kutamaniwa.

Watu wamenyofoa sentensi ya kwanza wakaacha zingine. Sasa unaona kwa nini direkteri aliuliza "kwa kazi gani". Yeye ameusoma ukurasa mzima.

Na ile ya "asilimia 84 ya watu walijibu kweli", ndugu yangu, iondoe kwenye kazi yako usiku huuhuu. Alfa haihesabu watu. Masharti yake yakitimia, 0.84 inasema kwamba katika tofauti za alama za jumla kati ya mtu na mtu, kama asilimia 84 inatokana na kile ambacho maswali yanashirikiana, na iliyobaki ni kelele za swali mojamoja. Watu wote 131 wanaweza kusema uongo kwa mpangilio mmoja na alfa ikawa 0.95.

Kadutu_Moja
Eeh. Ile ya watu nilitetea mbele ya juri mwaka jana na hakuna aliyesema kitu.

anketeri_243
Naomba niingie, mimi si mtu wa takwimu, kazi yangu ni kuzunguka na karatasi. Dada, yale maswali ya 4 na 7 umeyaandikaje hasa? Maneno yenyewe. Na yalisomwa kwa sauti au walijaza wenyewe?

mtoto_wa_Bagira
La 4: "Msimamizi wangu hanielezi mapema zamu zikibadilishwa." La 7: "Msimamizi wangu hajali nikichoka." Wauguzi 74 walijaza wenyewe, karatasi ya Kifaransa. Wengine 57 walikuwa zamu, mikono haina nafasi, waanketeri wakawasomea kwa Kiswahili.

anketeri_243
Njo hapo. Nilijua tu.

Fikiria niko mbele ya muuguzi, anafunga bandeji, namsomea: "Msimamizi wako hajali ukichoka?" Mmoja ananijibu: "Ndiyo, hajali." Mwingine ananijibu: "Hapana, hajali." Wote wawili wamesema jambo moja! Wa kwanza amejibu kwa Kiswahili cha nyumbani, amekubali maneno yangu. Wa pili amejibu kama anavyojibu kwa Kifaransa, "hapana" yake inafuata kukanusha. Sasa mimi niko na haraka, nimesikia "hapana" natia alama kwenye "sikubali". Kwenye karatasi huyo sasa ni mtu anayesaidiwa. Na kuna wa tatu anayesema "Hapana!" tu, ananyamaza. Huyo hata Mungu ajue.

Swali la "ananisikiliza" halina shida hiyo. Ndiyo ni ndiyo.

Sisi tulimwomba shefu mmoja atuondolee kila swali linaloanza na ha-. Alikataa, akasema yanasaidia kugundua wanaojibu bila kusoma.

mzee_wa_Nguba
Anketeri, nimekaa na takwimu miaka mingi, na hili umeliona wewe kwa kusimama mlangoni. Mtoto wa Bagira, linapimika. Gawa karatasi makundi mawili, waliojaza wenyewe na waliosomewa, halafu angalia tena uhusiano wa kuvuka, yaani la 4 na la 7 dhidi ya yale sita.

Goma_Birere
Tunasubiri. Nimeweka chai.

mtoto_wa_Bagira
Nimerudi, na mikono inatetemeka kidogo.

Waliojaza wenyewe: 0.26. Waliosomewa: 0.02. Uhusiano wa yale sita haujabadilika sana, ni kama 0.38 pande zote mbili. Na alfa ya maswali yote 8 ni 0.80 kwa waliojaza, 0.70 kwa waliosomewa.

mzee_wa_Nguba
Rudia kuisoma hiyo 0.70 ya mwisho. Katika kundi hilo la wauguzi 57, maswali mawili kati ya manane hayahusiani na mengine hata kidogo, 0.02 ni sawa na kurusha sarafu. Na bado kipimo kizima kimesimama mlangoni na kusema "0.70, nakubalika". Ungekuwa umeandika sentensi yako ya kwanza kuhusu kundi hilo, ingekuwa sahihi kwa hesabu.

Halafu kitu kingine. Mpaka sasa tumekuwa tukisema "alfa ya kipimo". Hapa karatasi ni moja na maswali ni yaleyale, ila alfa ni mbili. Alfa ni ya majibu ya watu hawa, waliofikiwa kwa njia hii. Ndiyo maana haitoshi kuandika "kipimo hiki kilithibitishwa kwingine kwa 0.88". Hiyo ilikuwa ya watu wengine.

papa_Muhungu
Kumbe balansi ni nzima, mpimaji ndiye aliyesoma mshale upande mwingine.

mzee_wa_Nguba
Safari hii umepiga penyewe, papa.

Kadutu_Moja
Swali, na msinicheke. Mimi nilisema ondoa maswali alfa ipande, mzee hujanifurahia. Sasa naona mnaelekea kumwambia dada aondoe la 4 na la 7, na alfa inatoka 0.76 kwenda 0.79. Tofauti yetu ni nini?

Goma_Birere
Hata mimi nilikuwa naliwaza hilo.

mzee_wa_Nguba
Swali la haki. Wewe uliondoa sita kwa sababu namba ilipanda. Ukifanya hivyo mara nyingi kwenye data moja, sehemu ya kupanda ni bahati ya watu uliowapata, na wengine wakiulizwa kesho alfa itashuka tena. Isitoshe, hukusema kwamba ulianza na 15. Yeye ana sababu iliyo nje ya alfa: namna swali lilivyosomwa, na ushahidi wa makundi mawili. Hata hivyo nakiri, mpaka si mnene kama ukuta. Naye ameiona data kwanza, akaamua baadaye. Kwa hiyo lazima aseme yote mawili: nilianza na 8, hii hapa alfa yake, nimebaki na 6, hii hapa alfa yake, na sababu ni hii.

anketeri_243
Mimi ningeacha yote manane kwa wale 74 na kuondoa mawili kwa wale 57 tu. Kwa nini wale waliojibu vizuri wapoteze majibu yao?

mzee_wa_Nguba
Kwa sababu atakuwa na vipimo viwili na hataweza kuwalinganisha. Jumla ya maswali 8 na jumla ya maswali 6 si sarafu moja. Lakini ni kweli kwamba la 7 lina kitu ambacho yale sita hayana, uchovu. Kuliondoa kunapunguza maana ya kipimo huku kukipandisha alfa. Sina jibu safi hapo. Ningekuwa mimi ningebaki na sita kwenye maandishi na kurudia matokeo makuu kwa manane kwenye kiambatisho, msomaji aone kama kitu kinabadilika.

mtoto_wa_Bagira
Nimeelewa. Sasa sentensi. Nimejaribu hivi: "Kipimo kina uthabiti wa ndani unaokubalika, alfa 0.79." Naona bado kuna pengo lakini sijui liko wapi.

mzee_wa_Nguba
Tuulize swali la direkteri kwa namba. Maswali sita, jumla inaanzia 6 hadi 30. Mchepuko wa kawaida wa jumla hizo ni ngapi?

mtoto_wa_Bagira
4.8.

mzee_wa_Nguba
Basi kosa la kawaida la kipimo kwa mtu mmoja ni

```
4.8 * sqrt(1 - 0.79) = 2.2
```

Zidisha karibu mara mbili kila upande. Muuguzi aliyepata 18, alama yake ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 14 na 22. Hapo mkurugenzi wa kituo akikuomba orodha ya wauguzi "wasiosaidiwa" ili awahamishe, utampa? Huyo wa 18 anaweza kuwa chini kabisa ya wastani au juu yake. Lakini ukilinganisha wastani wa wauguzi 74 na wa wengine 57, makosa ya mtu mmojammoja yanapunguzana, na 0.79 inakubeba vizuri. Neno "inakubalika" halina maana mpaka useme inakubalika kufanya lipi na haikubaliki kufanya lipi.

Weka pia upana wa alfa yenyewe. Kwa watu 131 na maswali 6, 0.79 yako inaenda kama 0.73 hadi 0.84. Ungekuwa na watu 30 ungeona upana wa kutisha, na wengi wenye "0.71, inakubalika" wangenyamaza.

Na lile neno "halali" lifute. Yale sita yanasogea pamoja, sawa. Kama yanachopima ni usaidizi wa msimamizi au ni kumpenda tu msimamizi kama mtu, alfa haina habari.

mtoto_wa_Bagira
Nimeandika upya. Nipigeni:

"Usaidizi wa msimamizi ulipimwa kwa maswali 6, kila moja kuanzia 1 hadi 5, jumla kuanzia 6 hadi 30. Kwa wauguzi 131 waliojibu maswali yote, kati ya 142 waliopewa karatasi, alfa ya Cronbach ilikuwa 0.79, na kadirio la uhakika wa asilimia 95 ni 0.73 hadi 0.84. Maswali 2 yaliyoandikwa kwa kukanusha yaliondolewa baada ya kuonekana kwamba hayakuhusiana na mengine kwa wauguzi 57 waliosomewa kwa Kiswahili. Pamoja nayo alfa ilikuwa 0.76. Kiwango hiki kinatosha kulinganisha wastani wa makundi ya wauguzi, lakini hakitoshi kumwainisha muuguzi mmojammoja. Hatukuichukua alfa kuwa ushahidi kwamba maswali yote yanapima kitu kimoja."

mzee_wa_Nguba
Nzuri. Sina la kuongeza ila dogo: wale 11 waliokosa jibu, programu imewatupa kimyakimya. Angalia kama hawakukwepa swali moja. Wakiwa wote wameruka lilelile, hiyo nayo ni habari.

Kadutu_Moja
Ni ndefu sana. Juri yetu inapenda "zaidi ya 0.70, inakubalika". Watasema anajitetea.

Goma_Birere
Heri kujitetea kwenye karatasi kuliko kusimama mbele yao ukiulizwa "kwa kazi gani" na hewa imekuishia. Mimi kesho namwambia shefu apunguze zile herufi nene.

lulenge_88
Nimechelewa kufika. Mbona hakuna aliyetaja omega, ile namba nyingine ya uthabiti wa ndani? Siku hizi alfa imepitwa, inadai kila swali liwe na uzito sawa na jingine, jambo ambalo kwenye karatasi za kwetu halitokei. Kwenye R ni mstari mmoja, `omega()` kwenye `psych`.

mzee_wa_Nguba
Hoja yako ina uzito, na omega ningependa aiweke kando ya alfa. Ila omega nayo inahitaji kwanza uamue muundo, kundi moja au mawili. Ukiitupia manane haya bila kufikiri, ile `psych` itajichagulia makundi matatu kama hukuiambia vinginevyo, na utapata namba nyingine nzuri ya kuandika bila kuelewa. Halafu angalia hata `alpha()` yao: ukiweka `check.keys=TRUE` inageuza yenyewe maswali inayoona yako kinyume. Ingeweza kugeuza swali ambalo wewe hukulikusudia.

lulenge_88
Sikubaliani kabisa, majarida mengi sasa yanaitaka. Lakini tusimchanganye dada, ana wiki mbili.

mtoto_wa_Bagira
Habari za leo asubuhi. Wale 11: tisa wameacha swali la 7 wazi, na wote tisa walijaza wenyewe, kwa Kifaransa. Nilidhani shida ilikuwa upande wa waliosomewa tu. Mmoja ameandika pembeni kwa kalamu: "Karatasi hii nitaikabidhi kwa nani?"

Karatasi zilikusanywa na wasimamizi.